Sehemu ya 6: Barua pepe 23 za supavaiza, na usiku nilioacha kusahihisha nukta na mkato

Wiki iliyopita niliahidi kuwaelezea nilivyotoka kwenye ule msongamano wa masahihisho ya utafiti wangu. Mama mmoja wa Bunju aliniandikia kwamba na yeye anajiendeleza, ana pacha wa miezi minane, na barua za msimamizi wake anaziogopa hata kuzifungua. Leo naandika kwa ajili yake, na kwa yeyote ambaye mkubwa wake amemrundikia maoni kwenye barua pepe hajui aanzie wapi. Chukua chai, ni ndefu kidogo.

Kwa wageni: mimi ni nesi, nina diploma, nafanya kazi hospitali na nasomea digrii. Naishi Chamazi na mume wangu na watoto wawili, Nasra wa miaka minne na mdogo wake wa miezi kumi na nne. Utafiti wangu ni kuhusu akina mama kunyonyesha maziwa ya mama pekee katika miezi sita ya mwanzo. Hapo nilikuwa bado kwenye pendekezo la utafiti, yaani yale maandishi unayopeleka kuomba kibali cha maadili kabla hujamhoji mama hata mmoja. Siku ya mwisho ya kupeleka ilikuwa tarehe 27 Juni. Ukikosa hapo unasubiri muhula mwingine, na muhula mwingine una ada. Hiyo ada mimi na Baba Nasra tulikuwa tumeshaitenga kwa ajili ya shule ya awali ya Nasra. Kwa hiyo haikuwa suala la heshima tu.

Sasa basi. Tangu Februari Dokta, msimamizi wangu, alikuwa ananitumia maoni. Mimi nilikuwa nafanya kama wengi tunavyofanya: barua ikiingia naifungua kwenye daladala, naangalia kipi chepesi, nikifika nyumbani nakifanya hicho. Marejeo, herufi kubwa, namba za kurasa, sentensi ndefu. Wiki tatu nzima za Mei nililala saa sita usiku nikisahihisha hivyo. Nikatuma nikiwa na furaha. Jibu lilikuja na mistari miwili. Dokta huandika kwa Kiingereza, hapa nawawekea kwa Kiswahili: "Asante Sista. Lugha imekuwa nzuri, lakini swali langu la Februari bado hujalijibu."

Jamani, swali gani la Februari? Nilikaa kitandani na simu mkononi, mtoto ananyonya, machozi yananitoka. Nilihisi ananionea. Kesho yake ndiyo nikagundua hakuwa ananionea hata kidogo.

KUKUSANYA KABLA YA KUPANGA

Jumapili tarehe 8 Juni nilikuwa ofu. Mume wangu akawachukua watoto kwa bibi yao Mbagala, nikabaki na kaunta buku mpya na kalamu mbili. Nilijiwekea sharti moja: leo sisahihishi hata neno. Leo ni kukusanya tu.

Kwanza nilihakikisha barua zote ninazo. Kwenye Gmail barua zenye kichwa kimoja hukaa pamoja, lakini mtu akibadilisha kichwa, zinaanza kundi jipya. Dokta alikuwa amebadilisha mara tatu. Mimi siku zote nilikuwa naangalia kundi moja nikidhani ndiyo yote. Nikaenda sehemu ya kutafuta nikaandika `from:` na kufuatisha anwani yake, zikatoka zote. Halafu nikaongeza `has:attachment`, nikapata faili mbili za Word alizoandika maoni pembeni ya kurasa, moja sijawahi kuifungua. Jumla barua 23. Nikazisoma kuanzia ya zamani kabisa kuja ya karibuni, si kinyume chake. Na kila nilipoona vile vitone vitatu chini ya barua nilivibonyeza, kwa sababu simu hukunja maneno ya barua iliyopita, na kuna watu hujibu humohumo katikati ya maneno yako.

Nikaanza kuandika. Kila oni moja mstari mmoja. Barua moja inaweza kuwa na maoni saba, basi ni mistari saba. Kila mstari niliweka tarehe ya barua, maneno ya Dokta kama alivyoyaandika, ukurasa unaohusika, halafu pembeni kazi yenyewe kwa kitenzi: futa, ongeza, badilisha, uliza, hakikisha. Kitenzi ni muhimu sana. Ukiandika "sehemu ya mbinu" hujui ufanye nini. Ukiandika "badilisha swali la 9 kwenye dodoso", unajua.

Hapo kwenye vitenzi ndipo nilipoliona swali la Februari. Aliandika hivi: "Utajuaje athari kwa uzito wa mtoto kwa kumhoji mama mara moja?" Mimi nilipolisoma Februari nililiona kama udadisi wa msomi. Nikaliacha kwa sababu halikusema "badilisha". Mama mwenzangu, nisikilize hapa. Msimamizi akiuliza swali, mara nyingi hilo ni agizo lililovaa nguo za heshima. Akiandika "tafadhali fikiria" au "je, huoni kwamba", ujue anakuambia ufanye. Wakati mwingine maoni yaliyoandikwa kwa upole ndiyo mazito, na yale yenye alama nyekundu ni ya nukta na mkato tu.

Mpaka adhuhuri nilikuwa na mistari 61. Nikapita tena na kalamu ya pili. Mistari 17 ilikuwa kitu kilekile kimesemwa kwa maneno tofauti, nikaiunganisha, lakini niliandika pembeni kimerudiwa mara ngapi. Mtu akikuambia jambo mara nne, hiyo ni habari. Mistari 9 nilikuwa nimeshaifanya kweli, nikaweka tiki na namba ya ukurasa wa ushahidi. Ikabaki 35. Kutoka barua 23 zinazonitoa jasho hadi mistari 35 kwenye daftari. Hata kifua kilipungua kubana.

KUPANGA: UKIGUSA HILI, NINI KINGINE KINAANGUKA?

Sisi manesi tukipokea watoto wengi kwa wakati mmoja hatuwaangalii kwa foleni. Tunatafuta ishara za dharura kwanza, halafu wenye kipaumbele, halafu wanaoweza kusubiri. Nikajaribu kupanga maoni vivyo hivyo, lipi kali zaidi. Haikukaa sawa. Mgonjwa wa kwanza ukimhudumia, ugonjwa wa mgonjwa wa tatu haubadiliki. Masahihisho yanagusana. Ukibadilisha hapa, kule kunabomoka.

Kilichonisaidia ni kiwanja cha jirani yetu. Kila mtu anayeishi huku Chamazi anajua ujenzi wa pole pole. Jirani alipiga lipu chumba kizima, halafu akaamua kuhamisha mlango. Lipu ikabomolewa, saruji ikaenda bure. Basi nikaipa kila mstari swali moja tu: nikibadilisha hiki, nini kingine kitalazimika kubadilika? Kikigusa sura nyingine, ni msingi. Kikigusa sura yake tu, ni ukuta. Kisipogusa chochote zaidi ya sentensi yake, ni rangi.

Nikapata misingi 4, kuta 11, rangi 20. Na wiki zangu tatu za Mei? Zote nilikuwa napaka rangi.

Ngoja niwaeleze ile misingi minne, maana humo ndimo utakapoona mambo yalivyo.

Wa kwanza ni lile swali la Februari. Nilikuwa na malengo matatu, na la tatu lilikuwa kuangalia athari ya kunyonyesha kwenye uzito wa mtoto. Lakini mpango wangu ulikuwa kumhoji mama mara moja tu, kliniki, na kuondoka. Uzito wa siku moja hauwezi kukuambia kipi kilimsababisha kipi. Labda mtoto ni mwepesi kwa sababu hakunyonya vizuri, au labda mama alianza uji mapema kwa sababu aliona mtoto ni mwepesi. Ili kujua ungelazimika kuwafuatilia miezi kadhaa, na mimi sina hiyo miezi. Kazi ilikuwa moja: futa lengo la tatu. Nilipolifuta, maswali ya 22 mpaka 28 kwenye dodoso yakaondoka, jedwali moja likaondoka, na kurasa mbili za mapitio ya maandiko zikaondoka. Halafu nikarudi kwenye orodha, nikakuta kuta 2 na rangi 6 zilikuwa zinahusu kurasa hizohizo. Maoni manane yamekufa kwa mpigo mmoja. Na mojawapo ya zile rangi sita ilikuwa aya ambayo niliisahihisha Kiingereza chake usiku wa Mei mpaka mtoto akaamka.

Wa pili ni maana ya kunyonyesha pekee. Hii inawahusu hata ninyi msio na utafiti. Kunyonyesha pekee ni maziwa ya mama tu, bila maji, bila uji, bila chochote, isipokuwa dawa, vitamini au maji ya chumvichumvi mtoto akiharisha. Sasa namna ya kupima kwa kawaida ni kumuuliza mama mtoto alikula na kunywa nini jana, mchana na usiku. Mimi dodoso langu liliuliza "tangu kuzaliwa". Hayo ni maswali mawili tofauti. Mtoto aliyepewa maji wiki ya kwanza halafu mama akaacha, kwa swali la jana anahesabika ananyonya pekee, kwa swali langu hahesabiki. Kwa hiyo nisingeweza kulinganisha jibu langu na takwimu za taifa. Dokta alikuwa amelisema hilo mara nne, kwa maneno manne tofauti.

Wa tatu ulionekana mdogo kuliko yote: "Tumia takwimu mpya." Mimi nilitumia utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, ambao ulipata asilimia 59 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonya pekee. Utafiti wa 2022 ulipata asilimia 64. Nilidhani ni kufuta namba na kuandika nyingine, dakika moja, rangi kabisa. Lakini namba hiyo ndiyo inayoingia kwenye hesabu ya akina mama wangapi nihoji:

```
n = 1.96² × p × (1 − p) ÷ 0.05²
```

Hiyo p ndiyo ile asilimia. Ukiweka 0.59 unapata akina mama 372. Ukiweka 0.64 unapata 355. Tofauti ya watu 17 si kubwa, lakini namba 372 ilikuwa imeandikwa sehemu tano: muhtasari, mbinu, ratiba, bajeti, na fomu ya kuomba kibali. Ukibadilisha moja ukaacha nne, anayesoma anaona huyu hajui anahoji watu wangapi. Kwa hiyo usipime oni kwa urefu wa sentensi yake. Fuatilia hiyo namba au hilo neno linakokwenda. Kwenye Word bonyeza Ctrl na F, andika 372, uone linatokea mara ngapi. Likitokea zaidi ya mara moja, si rangi tena.

Wa nne ulikuwa mgongano. Machi Dokta aliandika niongeze kituo cha pili cha afya. Juni mwanzoni akaandika "kituo kimoja kinatosha". Wengi tunafuata la mwisho, tunasema ndilo jipya. Lakini je, Juni alikumbuka alichosema Machi? Labda alibadili mawazo, labda alisahau. Hapa dawa si kukisia. Nilimwandikia barua fupi ya swali moja: "Dokta shikamoo. Tarehe 14 Machi ulishauri vituo viwili, tarehe 3 Juni ulishauri kimoja. Kwa muda nilionao naona kimoja kinawezekana. Je, niendelee na kimoja?" Nikaweka tarehe zake, pendekezo langu, na swali linalojibika kwa ndiyo au hapana. Siku ileile jioni akajibu: "Marahaba. Ndiyo, kimoja." Karibu miezi mitatu ya wasiwasi, neno moja. Kama una wasimamizi wawili na ndio wanaopingana, waandikie wote kwenye barua moja. Usiwe mtoto anayebeba maneno kati ya baba na mama.

TAREHE: ANZA MWISHO, RUDI NYUMA

Orodha bila tarehe ni pambo. Lakini tarehe nyingi tunazojiwekea ni za uongo. Tunaandika "kila siku saa mbili" kana kwamba hatuna zamu, hatuna watoto, na umeme haukatiki.

Nilianza na tarehe 27 nikarudi nyuma. Kupeleka ni tarehe 27. Sahihi za wasimamizi wote wawili, tarehe 26, kwa sababu wa pili hupatikana ofisini siku chache. Kuingiza maoni ya mwisho na kuchapa, tarehe 25. Dokta anahitaji karibu wiki moja kusoma, kwa hiyo lazima apate kazi nzima tarehe 18. Hapo ndipo nilipoona kwamba siku yangu ya mwisho haikuwa 27 hata kidogo, ilikuwa 18. Siku kumi na moja, si ishirini. Hizo tisa zilikuwa za watu wengine.

Halafu nikachukua rosta ya wodini nikaiweka pembeni ya daftari. Tarehe 13, 14 na 15 naiti. Hizo nikazifuta kabisa, na tarehe 16 ya kulala nikaifuta pia. Akili iliyotoka naiti isiguse hesabu wala dodoso. Zilizobaki nikazikata vipande vya saa mbili mbili. Changu ni kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili, kabla nyumba haijaamka. Siku za ofu naongeza kimoja mchana mtoto akilala. Ukiacha ile Jumapili asubuhi ya kukusanya, kuanzia jioni yake hadi tarehe 12 nilipata vipande 7. Tarehe 17 na 18 nilikuwa ofu, nikapata vipande 4. Basi. Hiyo ndiyo mali yote niliyokuwa nayo, vipande 11.

Misingi niliikadiria vipande 5: viwili vya dodoso, kimoja cha kufuta lengo la tatu, kimoja cha sampuli, kimoja cha kituo. Kuta tisa zilizobaki, vipande 4. Hapo 9. Viwili nikaviacha wazi kabisa, sikuvipangia kitu. Nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja usipoacha nafasi, mtoto mwenyewe ataichukua.

Na rangi? Zimebaki 14. Hazikuwa na nafasi, na hapo ndipo kishawishi kinapokuja, unataka uibe kipande kimoja tu cha marejeo kwa sababu ni rahisi na kinakupa tiki nyingi. Nilikataa. Rangi niliziweka tarehe 19 hadi 24, wakati Dokta anasoma. Kwani anaweza kukata aya nyingine, na hakuna haja ya kupaka rangi ukuta utakaobomolewa. Tena rangi zinawezekana kwenye simu, kwenye foleni ya benki, au mtoto akiwa amelala kifuani.

Kitu kimoja zaidi kinatakiwa kuanza mapema hata kama si kizito: kile kinachomsubiri mtu mwingine. Dodoso langu lilihitaji mtu wa kuangalia tafsiri ya Kiswahili. Kwangu ni kazi ya dakika tano, kumtumia tu. Kwake ni siku tatu. Ukisubiri hadi zamu yake kwenye orodha ifike, umechelewa. Hivyo nikapitia mistari yote nikaweka nyota penye mtu mwingine, na zile nyota nikazishughulikia kabla ya yote, kumtaarifu kila mmoja lini kazi itamfikia.

ILIVYOKWENDA KWELI

Haikwenda kama kwenye daftari. Usiku wa kuamkia tarehe 11 mdogo wake Nasra alipata homa kali. Tukampeleka, akapimwa malaria, haikuwa malaria, akapewa dawa tukarudi alfajiri. Vipande viwili vikaenda hapo. Lakini vilikuwa vile viwili vya wazi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo, mtoto aliugua na mimi sikumkasirikia mtu. Nilimshika mwanangu bila kuhesabu saa kichwani. Kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko utafiti wenyewe.

Tarehe 12 usiku nilimtumia Dokta kurasa mbili tu, siyo kazi nzima. Niliandika misingi minne: ulisema hivi, nimefanya hivi, kimebadilika ukurasa huu na huu. Nilitaka aukague msingi kabla sijanyanyua kuta. Nikaenda naiti. Tarehe 14 akajibu. Mitatu alikubali. Kwenye dodoso akasema: "Uliza ya jana, lakini bakiza pia swali la tangu kuzaliwa. Utoe majibu yote mawili, kila moja peke yake." Yaani ningelifuta lile swali kabisa kama nilivyopanga, na ningejenga majedwali yote juu yake, ningerudia sura nzima tarehe 25. Sasa lilikuwa swali moja la kurudisha na jedwali moja la kuongeza.

Tarehe 18 saa tano usiku nilituma kazi nzima, na juu yake jedwali la mistari yote 35: oni lake, nilichofanya, ukurasa. Yale manane yaliyokufa niliandika "sehemu hii imeondolewa pamoja na lengo la 3". Mawili sikuyafanya, nikaandika kwa nini. Hakugombana. Msimamizi anachochukia zaidi ni kutojua kama umemsikia.

Nilipeleka tarehe 27, saa tisa alasiri, kukiwa na rangi tano hazijapakwa. Zipo kwenye daftari, nazijua kwa namba, na nilichagua ziwe hizo.

Siwezi kuwadanganya kwamba orodha inatibu kila kitu. Msimamizi akikuletea msingi mpya siku mbili kabla ya mwisho, orodha haikuokoi, itakusaidia tu kumwonyesha kwa heshima kinachoanguka ili muamue pamoja. Na unaweza kupanga vibaya. Utajua hivi: ukijikuta unarudi kwenye ukurasa ulioufunga kwa sababu ya sahihisho jipya, ujue kuna kitu uliita rangi kumbe ni msingi. Simama, kipandishe juu, angalia tena vilivyo chini yake.

Mama pacha wa Bunju, leo usisahihishe chochote. Tafuta mtu wa kukushikia watoto saa nne tu, fungua barua zote kuanzia ya kwanza, na uandike mistari yako. Ukimaliza, tafuta ile yenye alama ya kuuliza mwishoni. Nina wasiwasi msingi wako umejificha humo.

Mimi nasubiri jibu la kibali. Likija, zuri au baya, nitawaambia. Wiki ijayo nitaandika yale mengi mliyoniuliza kuhusu mtoto kupewa maji kabla ya miezi sita, kwa sababu bibi zetu wana maoni yao, na wao pia hawaandiki "badilisha", wanauliza maswali.

Usiku mwema. Kesho nina zamu ya asubuhi.